Jinsi ya kujua 2^136279841 ina tarakimu ngapi bila kuiandika

Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, akishiriki katika mradi wa GIMPS unaounganisha kompyuta za watu wanaojitolea, alipata namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana hadi siku hiyo. Namba yenyewe ni 2^136279841 − 1, yaani 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 136,279,841, kisha ukatoa 1. Habari zilizotoka zilisema ina tarakimu 41,024,320. Ukiipiga chapa kwa tarakimu 3,000 kila ukurasa, unahitaji kurasa zaidi ya 13,600.

Idadi hiyo ya tarakimu unaweza kuipata mwenyewe kwa karatasi na kalamu, kwa kuzidisha mara chache tu. Kazi yote inafanywa na logi ya 2. Ila kuna mtego: ukiitumia logi hiyo kama inavyokaririwa na watu wengi, 0.30103, utapata 41,024,321. Umezidisha tarakimu moja. Ukitumia 0.3010 ya kwenye vitabu vya majedwali ya shule, utapungukiwa na tarakimu zaidi ya 4,000. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi, lakini lazima ujue ni wakati gani unaweza kuiamini. Nitaanza na kanuni, halafu tuikokotoe namba ya Durant hatua kwa hatua.

Tarakimu huhesabiwa kwa vipeo vya 10

Namba ndogo kabisa yenye tarakimu 4 ni 1000, nayo ni 10^3. Kubwa kabisa ni 9999, ambayo imebakiza 1 tu kufika 10^4. Maana yake, kila namba nzima yenye tarakimu 4 ukiiandika kama 10 yenye kipeo fulani, kipeo hicho ni 3 kamili au 3 na ushee. Yenye tarakimu 5 itakuwa 4 na ushee. Idadi ya tarakimu siku zote huizidi kwa 1 sehemu nzima ya kipeo cha 10.

Logi ya namba ni jibu la swali hili: 10 ipewe kipeo gani ili tupate namba hiyo? Logi ya 1000 ni 3. Logi ya 2 ni karibu 0.30103, kwa sababu 10 ikipewa kipeo hicho inatoa 2. Sasa ukizidisha 2 kwa 2, vipeo vya 10 vinajumlishwa: 0.30103 na 0.30103. Ukizidisha mara n, unakuwa umejumlisha mara n. Hivyo:

```
x = n × log 2
idadi ya tarakimu za 2^n = sehemu nzima ya x + 1
```

Ijaribu kwenye namba unazoweza kuzihesabu kwa macho. Kwa 2^10, x ni 3.0103, sehemu nzima ni 3, tarakimu ni 4. Ni kweli, 2^10 ni 1024. Kwa 2^64, x ni 19.2659, kwa hiyo tarakimu ni 20. Namba yenyewe ni 18,446,744,073,709,551,616; zihesabu.

Zingatia kwamba sehemu nzima hukatwa tu, haikadiriwi. Kama x ni 19.98, unachukua 19 na kuongeza 1, si 20 na kuongeza 1. Kosa hili huwapata hasa watu ambao kikokotoo chao kinaonyesha desimali chache: kinaandika 20.0 pale ambapo jibu ni 19.98, na mtu anahesabu tarakimu 21.

Na ile 1 inayotolewa kwenye 2^136279841 − 1 je? Haibadilishi chochote. Ili kutoa 1 kupunguze tarakimu, namba lazima iwe 10, 100, 1000 au nyingine ya aina hiyo, ambayo ukitoa 1 inageuka kuwa 9, 99, 999. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8 au 6, haviishii na 0 kamwe. Basi hesabu tarakimu za 2^n, na jibu hilohilo ni la 2^n − 1.

0.30103 inatoka wapi

Unaweza kuruka sehemu hii na bado hesabu ikakutoka sawa, lakini mimi naipenda, kwa sababu inaonyesha kwamba logi ya 2 si kitu kilichoshuka kutoka kwenye jedwali.

Tunajua 2^10 ni 1024, ambayo imeizidi 1000 kidogo. Kwa hiyo logi ya 2 ikizidishwa kwa 10 inazidi 3 kidogo, na logi yenyewe inazidi 0.3. Huo ndio ukingo wa chini. Sasa chukua 2^93. Namba hii ni 9,903,520,314,283,042,199,192,993,792, yenye tarakimu 28, nayo imekaribia sana 10^28 bila kuifikia. Basi logi ya 2 mara 93 ni pungufu ya 28, na logi yenyewe ni pungufu ya 28 kugawanya kwa 93, yaani 0.301075. Kwa vipeo viwili tu vya 2 tumeibana kati ya 0.3 na 0.301075. Ukiendelea kutafuta vipeo vya 2 vinavyolisogelea 1 lenye sifuri nyingi, mabano yanazidi kubana. Kwa mfano 2^196 imezidi 10^59 kidogo, na 59 kugawanya kwa 196 ni 0.30102, kwa hiyo ukingo wa chini unapanda kutoka 0.3 hadi hapo.

Mwingereza Henry Briggs alichapa mwaka 1617 logi za namba 1 hadi 1000 kwa nafasi 14 za desimali, kazi iliyofanywa kwa mkono. Kwa nafasi hizo 14, logi ya 2 ni:

```
0.30102999566398
```

Hizo ndizo tutakazotumia, na utaona zinatosha na kubaki hata kwa namba ya Durant.

Hesabu yenyewe kwa mkono

Uzuri wa 0.30103 ni kwamba inavunjika vipande vyepesi: 0.3, kisha 0.001, kisha 0.00003. Vyote unavizidisha kwa kusogeza nukta na kuzidisha kwa 3. Anza hivi:

```
136,279,841 × 0.3      = 40,883,952.3
136,279,841 × 0.001    =    136,279.841
136,279,841 × 0.00003  =      4,088.39523
jumla                  = 41,024,320.53623
```

Ukiishia hapa unakata desimali, unaongeza 1, unapata tarakimu 41,024,321. Jibu linaonekana safi, na mkia wa .53623 uko katikati kabisa, mbali na 0 na mbali na 1, kwa hiyo hakuna cha kukushtua. Lakini si sahihi.

Tatizo ni kwamba logi ya 2 haifiki 0.30103. Imepungua kwa 0.00000000433602. Kwa 2^64 upungufu huo hauna maana yoyote. Kwa n ya milioni 136, unazidishwa mara milioni 136, na haba na haba hujaza kibaba:

```
136,279,841 × 0.00000000433602 = 0.59091
41,024,320.53623 − 0.59091     = 41,024,319.94532
```

Sehemu nzima sasa ni 41,024,319. Ongeza 1: tarakimu 41,024,320, sawasawa na zilizotangazwa.

Kuna njia rahisi ya kuukumbuka upungufu huu bila kukariri sifuri zote. Kila n inapoongezeka kwa milioni 230 hivi, 0.30103 inakuzidishia 1 kamili kwenye x. Ukiwa na n ya milioni 23, umezidishiwa 0.1. Ukiwa na n ya elfu 23, umezidishiwa 0.0001. Kwa hiyo zidisha kwa 0.30103 bila woga, kisha gawanya n kwa milioni 230 na utoe jibu hilo. Kwa namba yetu, 136 kugawanya kwa 230 ni 0.59.

Nafasi ngapi za desimali zinatosha

Mtu akigundua kwamba 0.30103 haikutosha, silika yake ni kuongeza desimali moja au mbili. Hapo logi ya 2 ina kituko chake. Ikadirie hadi nafasi 5, unapata 0.30103. Ikadirie hadi nafasi 6, ni 0.301030. Nafasi 7, 0.3010300. Nafasi 8, 0.30103000. Zote ni namba ileile, kwa sababu baada ya 0.30102 zinafuata 9 tatu mfululizo, kisha 5, ambayo inazisukuma zote juu. Mtu anaweza kuapa kwamba ametumia desimali nane na bado akakosea tarakimu moja. Ni hadi nafasi ya 9 ndipo inapobadilika na kuwa 0.301029996.

Kanuni ya kujilinda ni hii: kosa lililomo kwenye x ni n ikizidishwa kwa kosa lililomo kwenye logi. Kisha linganisha kosa hilo na mkia wa x. Kama mkia uko mbali na 0 na mbali na 1 kuliko ukubwa wa kosa, sehemu nzima haiwezi kubadilika, na idadi ya tarakimu ni ya uhakika. Kama kosa linaweza kuuvusha mkia upande wa pili, ongeza desimali.

Tuipime kwa 0.301029996. Kosa lake ni kama 0.00000000034, na likizidishwa kwa n yetu linakuwa karibu 0.046. Kwa logi hiyo x ni 41,024,319.991, mkia uko 0.009 tu chini ya 1. Kosa la 0.046 ni kubwa kuliko 0.009, kwa hiyo hata kama jibu lililotoka ni sahihi, kwa hesabu hii pekee huna haki ya kulitetea. Unahitaji desimali zaidi. Ukitumia zile 14 za Briggs, kosa kwenye x linashuka chini ya 0.000001, na mkia wa .94532 uko salama kabisa.

Kwa kazi za kawaida mimi hutumia kipimo cha haraka: hesabu n yenyewe ina tarakimu ngapi, ongeza 3, na hizo ndizo nafasi za desimali za kuanzia. Namba 136,279,841 ina tarakimu 9, basi anza na nafasi 12.

Usidhani hatari hii ni ya namba kubwa mno peke yake. Chukua 2^2136. Kwa 0.3010 ya majedwali ya shule, x ni 642.936, tarakimu 643. Kwa logi kamili, x ni 643.00007, tarakimu 644. Namba hiyo huanza na 1.00016, yaani imeivuka 10^643 kwa unywele tu. Ukikuta mkia unaoanza na .000 au .999, simama kwanza ukague desimali zako.

Mkia si taka

Baada ya kukata sehemu nzima watu huutupa mkia, na ni hasara. Sehemu nzima inakwambia urefu wa namba; mkia unakwambia inaanza na tarakimu zipi. Ipe 10 kipeo hicho cha mkia. Kwa namba yetu:

```
10^0.94532 = 8.817 (takriban)
```

Kwa hiyo 2^136279841 inaanza na 8817 au jirani yake. Ukiweka mkia wenye desimali nyingi zaidi, .945318, unapata 8.8169, na tarakimu za kwanza za namba halisi ni 88169. Tarakimu milioni 41 hujaziona, lakini za mbele unazijua.

Hapa ndipo pia unapopata ukaguzi wa bure. Kama unajua mwanzo wa namba kutoka mahali pengine na mkia wako unatoa mwanzo tofauti, logi uliyotumia haikutosha, hata kama idadi ya tarakimu imeangukia kwenye jibu sahihi. Tazama: ukikata logi kuwa 0.30102999, unapata 41,024,319.173, na idadi inatoka 41,024,320 kwa bahati. Lakini mkia wa .173 unadai namba inaanza na 1.49. Uongo mtupu, na umejulikana mara moja.

Kwa kikokotoo na kompyuta

Ukiandika 2^136279841 kwenye kikokotoo cha kisayansi kitagoma. Vingi vya mashuleni huishia chini ya 10^100, na kwa kanuni yetu unaweza kutabiri vitagomea wapi: 2^332 inaanza na 8.7 na ina tarakimu 100, bado inaingia. 2^333 ina tarakimu 101, haiingii. Badala yake zidisha logi: bonyeza log 2, kisha zidisha kwa 136279841. Kioo chenye nafasi 10 kitaonyesha 41024319.95. Usiridhike na desimali hizo mbili. Toa 41024319 palepale bila kufuta, na kikokotoo kitakuonyesha mkia uliokuwa umefichwa ndani, 0.9453 na kuendelea.

Kwenye Excel andika hivi, na usiguse `2^n` yenyewe, kwa sababu kuanzia 2^1024 inarudisha `#NUM!`:

```
=INT(136279841*LOG10(2))+1
```

Kwa Python ni vilevile:

```python
import math
n = 136279841
x = n * math.log10(2)
print(math.floor(x) + 1)   # 41024320
print(10 ** (x % 1))       # mwanzo wa namba
```

Zote mbili hubeba logi kwa tarakimu 15 au 16 hivi, kwa hiyo hadi n yenye tarakimu 12 huna cha kuhofia, isipokuwa mkia ukiwa umekaribia mno 0 au 1.

Python ina kisa chake. Watu wengi huandika `len(str(2**n))`, wanaitengeneza namba nzima kisha wanahesabu herufi zake. Tangu toleo la 3.11 njia hiyo hugoma namba ikizidi tarakimu 4,300, ikileta kosa la `ValueError`, kwa kuwa kugeuza namba ndefu mno kuwa maandishi kulikuwa kunaweza kutumiwa kuzilemaza seva. Itagoma kuanzia kipeo gani? 4,300 kugawanya kwa 0.30103 ni 14,284.3. Basi 2^14284 ina tarakimu 4,300 na inapita. 2^14285 ina 4,301 na inakataliwa. Jaribu uone.

Kugeuza swali

Mfano huo wa Python umeligeuza swali bila kelele: badala ya kuuliza kipeo kinatoa tarakimu ngapi, tumeuliza tarakimu kadhaa zinahitaji kipeo gani. Kuna watu ambao swali hili kwao ni la fedha. Shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani liliweka zawadi ya dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu angalau milioni 100. Wawindaji wanaotafuta namba za aina ya 2^n − 1 waanzie n ipi?

Ili tarakimu ziwe 100,000,000, x lazima ifike 99,999,999. Gawanya hiyo kwa logi ya 2. Ukitumia 0.30103 unapata 332,192,801.4, na utaanza na 332,192,802, ambayo bado ina tarakimu 99,999,998. Ukitumia logi kamili unapata 332,192,806.17, kwa hiyo n ndogo kabisa ni 332,192,807. Ihakikishe kwa kurudi nyuma: 332,192,806 inatoa x ya 99,999,998.95, na 332,192,807 inatoa 99,999,999.25. Mikia yote miwili iko mbali na hatari.

Limebaki sharti moja tu lisilohusu logi. Ili 2^n − 1 iwe tasa, n yenyewe lazima iwe tasa, maana n ikigawanyika kwa a, 2^n − 1 nayo inagawanyika kwa 2^a − 1. Namba tasa ya kwanza kuanzia 332,192,807 kwenda juu ni 332,192,831, na kwa hao wanaowinda tarakimu milioni 100, hicho ndicho kipeo cha kwanza kwenye orodha.